Vijiti mia nne na kumi: kuifafanua kolkhozi kwa msomaji wa Kiswahili

Swali: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri kutoka Kirusi kumbukumbu za bibi mmoja aliyekulia kijiji cha kaskazini mwa Urusi baada ya vita, miaka ya 1946 hadi 1953. Kila ukurasa una maneno kama kolkhozi, trudodeni, spravka na pudi. Nimeanza kuandika "kijiji cha ujamaa" na "siku ya kazi" ili msomaji asikwame, na kwingine nimeweka tanbihi mpaka kurasa zimejaa. Je, niendelee na maneno yetu au nibaki na yao? Na tanbihi ziwe ngapi?

Jibu: Marahaba. Nimeisoma aya uliyoiambatisha, na naona nijibu kwa kuitumia yenyewe, kwa kuwa matatizo yako yote yamo ndani yake. Ikitafsiriwa neno kwa neno, inasomeka hivi: "Mwaka wa arobaini na sita mama alipata vijiti mia nne na kumi, na kwa vyote hivyo tulipewa mkate pudi moja na nusu. Nilitaka kwenda mjini kwa shangazi, lakini mwenyekiti hakutoa spravka, na pasipoti sisi hatukuwa nayo. Mayai tuliyatoa, ingawa kuku hatukuwa nao." Ni sentensi tatu fupi za mtu anayezungumza na wanaomwelewa. Hakuna neno gumu ndani yake, na hapo ndipo ugumu ulipo: karibu kila neno rahisi la aya hii linamwingiza msomaji wetu katika dhana ambayo bibi hakuikusudia.

Tuanze na "kijiji cha ujamaa". Naelewa kilichokuvuta, kwa sababu Mtanzania anayesoma habari za mashamba ya pamoja, mwenyekiti na mikutano ya hadhara lazima atakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Lakini ukilitumia jina hilo, msomaji ataleta ndani ya kitabu kila anachokijua kuhusu vijiji vyetu, na sehemu kubwa ya anachokijua haihusiki huko. Katika vijiji vyetu vingi shamba la pamoja lilikuwa sehemu ndogo tu ya kilimo cha kaya, na familia iliendelea kuishi kwa mashamba yake yenyewe. Kolkhozi ilikuwa kinyume cha hapo. Ardhi karibu yote ililimwa kwa pamoja, na kila kaya iliachiwa kiwanja cha pembeni ya nyumba ambacho, kwa katiba ya mfano ya kolkhozi ya mwaka 1935, kwa kawaida kilikuwa kati ya robo na nusu hekta. Kisha kolkhozi ilidaiwa kuipelekea serikali kiasi cha nafaka kilichopangwa na wakubwa wa wilaya, kabla mwanakijiji hajagawiwa chochote.

Kwa hiyo libakize neno "kolkhozi", ulifafanue mara moja linapotokea kwa mara ya kwanza, kisha ulitumie bila kulieleza tena. Ufafanuzi wake uwe mfupi: shamba la ushirika ambalo mipango yake ilitoka serikalini. Neno "ushirika" usiliogope, kwa kuwa kisheria kolkhozi ilikuwa ushirika na wanakijiji walikuwa wanachama wake. Hilo si jambo dogo, maana ndilo lililowanyima mshahara: mwanachama hakuhesabiwa kuwa mwajiriwa. Ukikutana baadaye na "sovkhozi" usiichanganye na hii, kwani hilo lilikuwa shamba la serikali ambalo watu wake waliajiriwa na kulipwa mshahara. Msomaji asiyeoneshwa tofauti hiyo hataelewa kwa nini binamu yake bibi, ambaye kama ulivyonieleza alihamia sovkhozi, anasemwa kuwa amebahatika.

Sasa tuje kwenye vijiti, ambavyo ndivyo kiini cha aya. Neno la Kirusi hapa ni palochki, yaani vijiti, na lilikuwa jina la mitaani la trudodeni. Brigadiri, msimamizi wa kikundi cha kazi, alichora mstari mmoja kwenye daftari lake kwa kazi iliyofanyika, na watu wakasema kwa uchungu kwamba wanafanya kazi kwa ajili ya vijiti. Wewe umeandika "siku za kazi mia nne na kumi", na ndivyo neno trudodeni linavyotafsirika likivunjwa vipande viwili. Hebu mfikirie msomaji makini. Atahesabu, ataona kwamba mwaka una siku 365, na ataamua kwamba ama bibi amepitiwa au mtafsiri amekosea tarakimu.

Bibi hakupitiwa. Trudodeni haikuwa siku, ilikuwa kipimo cha hesabu. Kila kazi ya shambani iliwekwa katika daraja lake, na tangu mwaka 1933 madaraja yalikuwa saba: aliyetimiza kiwango cha kazi nyepesi kama ya ulinzi aliandikiwa nusu, na aliyetimiza kiwango cha kazi ngumu au ya ufundi kama kuendesha trekta aliandikiwa mbili. Mwaka 1948 madaraja yaliongezwa na cha juu kikafika mbili na nusu. Mwanamke aliyefanya kazi za daraja la moja na nusu kwa siku 275, na kutimiza kiwango kila siku, angeandikiwa kama 412. Ndiyo maana mia nne na kumi inawezekana, na inatuambia kwamba mama yake hakuwa akipewa kazi za kukaa kivulini. Kinyume chake pia kilikuwepo: mtu aliyeshindwa kutimiza kiwango cha siku aliandikiwa pungufu hata kama alikuwa shambani tangu alfajiri.

Jambo la pili kuhusu kipimo hiki ni kwamba hakuna aliyejua thamani yake mpaka mwaka uishe. Kolkhozi ilivuna, ikapeleka nafaka ya serikali, ikailipa kwa nafaka stesheni ya mashine na matrekta kwa kazi ya kulima, ikatenga mbegu za mwaka unaofuata, na kilichobaki ndicho kilichogawanywa kwa jumla ya trudodeni za watu wote. Mwaka 1946 ulikuwa wa ukame sehemu nyingi za nchi, na njaa ilifuata mpaka 1947. Kwa hiyo kijiti hakikuwa na bei, kilikuwa dai juu ya mabaki, na mabaki hayo mara nyingine hayakufika popote. Mfumo huu ulidumu hadi mwaka 1966, kolkhozi zilipoanza kuhamishiwa kwenye malipo ya kila mwezi yenye uhakika.

Najua kuna watafsiri ambao wangependekeza neno "kipande" hapa, na pendekezo hilo linastahili kupimwa kwa sababu lina mizizi ya kweli. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya kazi ya siku thelathini, na kila siku iliyofanywa kazi iliwekewa alama. Picha ya alama kwenye karatasi inalingana kabisa. Lakini manamba aliyejaza kipande chake alijua ujira aliokuwa akiudai, na hapo ndipo njia zinapoachana. Aidha, msomaji wa Kenya akisikia kipande atafikiria kitambulisho cha kikoloni kilichovaliwa shingoni, ambacho ni jambo jingine kabisa. Mimi ningeacha kipande kwenye historia yake, nikaandika "kijiti" pale bibi anaposema palochka, na "trudodeni" pale anaponukuu hati au hotuba ya kiofisi. Yeye mwenyewe hutenganisha namna hizo mbili za kusema, na ukizifanya kuwa moja unaipoteza kejeli yake.

"Mkate pudi moja na nusu" una mitego miwili. Wa kwanza ni mkate wenyewe. Kirusi hutumia neno moja, khlebu, kwa mkate uliookwa na kwa nafaka iliyomo ghalani au ingali shambani. Ukiandika mkate, msomaji ataona mikate ikigawiwa kwenye mizani, jambo lililotokea mijini kwa kadi za mgawo lakini si kwa mama huyu. Yeye alipewa nafaka, akaenda kuisaga mwenyewe. Kila unapokutana na khlebu, tazama kitenzi kilicho jirani: ikiwa inapandwa, inavunwa, inapelekwa serikalini au inapimwa kwa pudi, ni nafaka.

Mtego wa pili ni pudi, kipimo cha zamani chenye kilo 16.38. Moja na nusu inakaribia kilo 24 na nusu. Usibadilishe kuwa debe, ingawa ukubwa unashawishi, kwa sababu debe ni kipimo cha ujazo na linamletea msomaji bati la mafuta ya taa na soko letu. Acha pudi kwenye maneno ya bibi na weka kilo kwenye tanbihi. Kisha fanya hesabu moja ambayo msomaji hataifanya mwenyewe: gawanya kilo hizo kwa 410, utapata gramu 60 hivi za nafaka kwa kila kijiti. Nadhani hiyo ndiyo tarakimu pekee ambayo aya hii inaihitaji. Katika viwanja vya ardhi, ambavyo bibi atavitaja kwa sotka, unaweza kuwa mkarimu zaidi kwa msomaji, kwa kuwa sotka arobaini ni karibu sawasawa na ekari moja.

Hapo msomaji mwenye akili atauliza: kama malipo ndiyo hayo, kwa nini mama hakuacha? Tanbihi isipojibu swali hilo, mama ataonekana mjinga au mtakatifu, na hakuwa lolote kati ya hayo mawili. Tangu mwaka 1939 kila mwanachama mwenye nguvu alitakiwa kufikisha idadi ya chini ya trudodeni kwa mwaka. Aprili 1942, wakati wa vita, idadi hiyo ilipandishwa hadi kati ya 100 na 150 kulingana na eneo, watoto wa miaka 12 hadi 16 wakawekewa yao ya 50, na aliyepungukiwa bila sababu angeweza kufikishwa mahakamani na kukatwa sehemu ya hata hicho kidogo alichoandikiwa. Zaidi ya hapo, kiwanja cha nyumbani kilitegemea uanachama, na chakula halisi cha familia, yaani viazi, kabichi na maziwa ya ng'ombe mmoja, kilitoka kwenye kiwanja hicho. Walifanya kazi shamba la pamoja ili waruhusiwe kulima la kwao.

Sentensi ya pili ya aya ina pasipoti, na hili ndilo neno ambalo ningelifafanua hata kama ningelazimika kuacha mengine yote. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akisoma kwamba mwanakijiji hakuwa na pasipoti hatashangaa hata kidogo, kwa kuwa kwetu pasipoti ni ya kusafiria nje ya nchi na watu wengi hawana. Pasipoti ya bibi ni ya ndani. Ilianzishwa kwa amri ya tarehe 27 Desemba 1932 kwa wakazi wa miji na maeneo maalumu, na bila hiyo mtu hakuweza kuandikishwa makazi mjini, na bila kuandikishwa makazi hakuweza kuishi wala kuajiriwa huko kihalali. Wanakijiji wa kolkhozi kwa kawaida hawakupewa. Kanuni iliyowapa haki hiyo ilitoka Agosti 1974, na utoaji wenyewe ulianza mwaka 1976 na kuchukua miaka kadhaa. Andika "pasipoti ya ndani" mara zote, usiandike "kitambulisho", maana anayekosa kitambulisho kwetu anapata usumbufu tu, ilhali bibi alizuiwa kuhama.

Spravka nayo ni karatasi ya ofisini, neno ambalo Mrusi hulitumia kwa cheti cha daktari kama kwa barua ya mwajiri. Hapa ni ruhusa ya kuondoka. Umeandika "barua ya utambulisho", na hiyo ni karatasi ambayo mwenyekiti wetu wa mtaa humwandikia mtu ili benki imjue; kazi yake ni kumsaidia mwenye kwenda. Mwenyekiti wa kolkhozi alikuwa na sababu ya kuinyima, kwa sababu kila kijana aliyeondoka ni mikono iliyopungua wakati wa mavuno. "Barua ya ruhusa" inatosha kabisa, wala huhitaji kubaki na spravka. Ninashikilia neno la kigeni pale tu ambapo kitu chenyewe hakina mfano, na ruhusa ya maandishi inajulikana kila mahali.

Kuhusu mwenyekiti, jihadhari kwamba kijiji kilikuwa na wawili: mwenyekiti wa kolkhozi, aliyesimamia kazi na mgao, na mwenyekiti wa selsoveti, baraza la kijiji, aliyesimamia uandikishaji na vyeti. Kirusi huwaita wote kwa neno moja, na bibi hataji ni yupi kwa kuwa aliwajua wote kwa sura. Taja cheo kamili pale muktadha unapokubali, na pale usipokubali andika "mwenyekiti" tu bila kubahatisha. Neno tovarishchi, wanalotumia wanapowaita hawa mkutanini, lina bahati ya pekee: "ndugu" ya mikutano ya TANU na baadaye CCM inabeba joto lilelile la kiofisi. Hapa natumia neno letu bila wasiwasi, mradi tu liandamane na cheo, "Ndugu Mwenyekiti", ili lisidhaniwe kuwa ni undugu wa damu katika kijiji ambacho nusu ya watu ni jamaa.

Mayai yasiyo na kuku ni sentensi ambayo mhariri wako ataizungushia kalamu nyekundu. Usiilainishe. Kaya za kolkhozi zilidaiwa kupeleka serikalini nyama, maziwa, mayai na vinginevyo kutoka kwenye kiwanja chao, na deni la nyama na la mayai lilihesabiwa kwa kaya, si kwa mifugo iliyopo bandani. Asiye na kuku alinunua mayai au alibadilishana ili ayatoe. Usiliite deni hili "kodi", kwa kuwa pamoja nalo kulikuwa na kodi ya kilimo ya fedha taslimu, ambayo bibi anaitaja ukurasa wa mbele mama yake anapoukata mtufaha. Bustani ya matunda iliongeza kodi hiyo, na watu wengi waliikata miti yao kabla ya nafuu iliyotangazwa mwaka 1953. Yale ya mwanzo yaite "matoleo ya lazima" na haya ya pili "kodi ya kilimo", ukashikilia hivyo mpaka mwisho wa kitabu. Msomaji asiyejua hili atadhani mama aliukata mti kwa hasira.

Sasa niipange aya yako upya. Ningeandika: "Mwaka wa arobaini na sita mama aliandikiwa vijiti mia nne na kumi, na kwa vyote hivyo tulipewa nafaka pudi moja na nusu. Nilitaka kwenda mjini kwa shangazi, lakini mwenyekiti hakutoa barua ya ruhusa, na pasipoti ya ndani sisi hatukuwa nayo. Mayai ya serikali tuliyatoa, ingawa kuku hatukuwa nao." Nimebadilisha "alipata" kuwa "aliandikiwa", nikaongeza "ya ndani" na "ya serikali", basi. Hayo ni maneno ambayo bibi mwenyewe angeweza kuyasema. Kilichozidi hapo sikumtia mdomoni, kwa sababu mtu hawaelezi wajukuu zake jinsi mfumo aliozaliwa ndani yake ulivyofanya kazi. Akianza kueleza, sauti yake inakuwa ya mwalimu wa uraia.

Tanbihi hapa ni moja, kwenye "vijiti": "Kijiti: alama ya trudodeni, kipimo cha kazi katika kolkhozi. Kazi ya siku moja iliweza kuhesabiwa kuanzia nusu hadi mbili. Malipo yalitokana na mabaki ya mwisho wa mwaka; hapa ni gramu 60 hivi za nafaka kwa kijiti kimoja." Mengine, yaani idadi ya chini, pasipoti na matoleo ya lazima, yapeleke kwenye maelezo ya kurasa mbili kabla ya sura ya kwanza, kwa kuwa yanarudi katika kila sura na huwezi kuyaeleza kila mara. Kwa njia hiyo tanbihi zako zitapungua hadi zile za jambo linalotokea mara moja tu, kama jirani anayesemwa "kuchukuliwa kwa saba-nane". Hilo ni jina la mitaani la sheria ya tarehe 7 Agosti 1932 dhidi ya wizi wa mali ya kolkhozi, ambayo adhabu yake ilikuwa kifo au, kukiwa na sababu za kupunguza, kifungo kisichopungua miaka kumi, na iliwanasa hata waliookota masuke yaliyobaki shambani. Neno "kuchukuliwa" lenyewe liache lilivyo. Kiswahili kinalielewa bila msaada.

Kabla ya kupeleka kazi kwa mchapishaji, mpe ukurasa huo mtu asiyejua Kirusi na umuulize mambo matatu: mama alifanya kazi siku ngapi, alijuaje atakacholipwa, na kwa nini binti hakupanda treni akaenda. Akijibu "siku mia nne na kumi", "alipatana na mwajiri" au "hakuwa na nauli", rudi kwenye maelezo ya mwanzo, usiongeze tanbihi. Na ukifika sura za miaka ya sitini na sabini, yapime upya kila uliyoyaeleza, kwa maana mwaka 1970 bibi huyo angekuwa akipokea ruble kila mwezi na huku bado hana pasipoti.